Alama za Ogden: Kumnyima Mpinzani pa Kujificha

Tuchukue lugha ndogo ya herufi nne, tuiite L. Maneno yake hupangwa hivi: a kwanza, kisha b, kisha c, mwisho d, na herufi yoyote yaweza kukosekana. Sharti ni moja: neno likiwa na a hata moja, basi idadi ya b, c na d lazima ilingane. Kwa hiyo `abbccdd` limo, `bbbcd` limo kwa kuwa halina a, lakini `abbcd` halimo.

Je, L inaweza kuzalishwa na sarufi isiyotegemea muktadha, yaani ile ambayo kila kanuni hubadilisha alama moja bila kutazama majirani zake? Haiwezi. Kazi ni kuthibitisha.

Chombo cha kawaida ni lema ya kurudufu, iliyotolewa na Bar-Hillel, Perles na Shamir mwaka 1961. Inasema kila lugha ya aina hiyo ina kipimo n. Neno lenye herufi n au zaidi hukatika vipande vitano, `uvwxy`. Vipande v na x havikosi herufi vyote viwili, `vwx` haizidi herufi n, na ukivirudia v na x pamoja au ukivifuta, neno hubaki ndani ya lugha. Ithibati huwa kama mchezo: wewe unachagua neno, mpinzani anachagua pa kukata, nawe unatafuta marudio yatakayolitoa neno nje.

Kwa L, mpinzani hashindwi kamwe. Ukimpa `abbccdd`, anakata a peke yake. Akiirudia, `aabbccdd` limo. Akiifuta, `bbccdd` limo, maana bila a sharti halipo tena. Neno lisipokuwa na a, anarudia herufi ya kwanza tu.

Mwaka 1968 William Ogden alikupa wewe haki ya kutia alama herufi zisizopungua n. Sasa v na x lazima zibebe angalau herufi moja yenye alama, na `vwx` isizidi n zenye alama. Siri iko kwenye mti wa uzalishaji wa neno. Shuka ukifuata tawi lenye alama nyingi zaidi, ukihesabu mafundo ambapo alama zinagawanyika pande mbili. Alama zikitosha, mafundo hayo huwa mengi kuliko majina yaliyomo katika sarufi, hivyo jina moja hujirudia, na sehemu iliyo kati ya marudio hayo ndiyo inayorudufishwa.

Rudi kwa L. Chagua `ab^nc^nd^n`, utie alama b zote. Mpinzani hawezi tena kujificha kwenye a: ni lazima aguse b. Kipande chake kimoja kikichanganya herufi mbili tofauti, kukirudia kunavuruga mpangilio. Basi kila kipande kina herufi za aina moja, na kimoja ni cha b. Kilichobaki kinaweza kugusa c au d, si zote mbili. Rudia mara mbili: b zimezidi n, lakini c au d zimebaki n, na a bado ipo. Neno limetoka nje ya L, na mpinzani hana pengine pa kukata.