Ugumu Si Uimara: Kwa Nini Kioo cha Rununu Huvunjika

Aghalabu rununu huanguka mara kumi bila kudhurika, kisha ikapasuka siku inapoteleza kutoka mezani tu. Makala haya yanafafanua kitendawili hicho. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa kioo, yaani uwezo wa kutokwaruzika, ni tofauti na uimara wake, yaani uwezo wa kustahimili kishindo.

Kioo cha rununu hutumbukizwa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la takriban nyuzi 400 za selsiasi. Humo, ayoni za sodiamu zilizo kwenye kioo hutoka, na zile za potasiamu, ambazo ni kubwa zaidi, huchukua nafasi zao. Kwa kuwa nafasi hizo ni finyu, ngozi ya kioo hubanika, na mbano huo huzuia nyufa kutanuka. Hata hivyo, ngozi hiyo ni nyembamba mno. Mchanga, ambao huwa na madini ya kwatzi yaliyo magumu kuliko kioo, huikwaruza mfukoni. Mkwaruzo ukiipenya, kishindo kidogo hutosha kuupasua ufa.

Tuchukue mfano wa simu inayoponyoka mkononi kutoka kimo cha mita moja. Hufika chini kwa kasi ya takriban mita 4.4 kwa sekunde. Ikitua bapa juu ya sakafu laini, nguvu ya kishindo husambaa. Ikitua juu ya lami au saruji, ncha ya kokoto hukusanya nguvu hiyo mahali pamoja na kuitoboa ngozi. Ndiposa kampuni ya Corning ilipozindua kioo cha Victus mwaka 2020, ilitaja kimo cha mita 2 kwenye eneo gumu linaloparuza. Ilhali kwa Victus 2 ya mwaka 2022, ilitaja mita 1 kwenye eneo linaloparuza kama saruji.

Yakuti samawi inathibitisha hoja hii: ni ngumu kuliko kioo na haikwaruziki kwa urahisi, lakini haipindiki sana, hivyo kishindo huweza kuivunja.

Fremu nayo huamua kiasi cha kishindo kinachofikia kioo. Plastiki hunepa kisha ikarejea umbo lake, na kwa kunepa huko hupunguza makali ya pigo. Alumini hubonyea, kubonyea humeza sehemu ya pigo, ila kona iliyobonyea inaweza kuugandamiza ukingo wa kioo. Chuma cha pua hakibonyei upesi, lakini huongeza uzito, na simu nzito hugonga kwa nguvu zaidi.

Basi anayetaka kujua hali ya simu yake na aikague kioo kwa mwanga wa upande, kisha apitishe ukucha taratibu, hasa ukingoni. Mkwaruzo unaonasa ukucha ndiko ufa ujao unakoweza kuanzia.