Jua la Februari kwa Familia za Ughaibuni

Anayeishi Gothenburg akifungua simu mwezi wa Januari hukutana na tangazo lile lile: mnazi, kiti cha kulalia kando ya bwawa, bei iliyokatwa, na nyuzi 21 zimeandikwa kwa herufi nene. Kwa aliyeamka akakuta kioo cha gari kimeganda barafu, nyuzi 21 ni peponi. Kwa aliyelelewa Tanga, nyuzi 21 ni alfajiri ya Julai baada ya manyunyu, saa ya kutafuta sweta. Familia nyingi zetu zina watu wa aina zote mbili katika nyumba moja. Watoto waliozaliwa Ulaya watavua mashati mara tu ndege ikitua, na bibi aliyekuja kuwatembelea atakaa ufukweni amejifunika kanga mbili na kuuliza joto lenyewe liko wapi.

Ndiyo maana napendekeza namba ya kwenye tangazo isiwe ya kwanza kutazamwa. Ile ni ya hewa, tena mchana. Watoto hushinda majini, kwa hiyo ulizia joto la maji. Mwezi wa Februari bahari ya kusini mwa Hispania huwa karibu nyuzi 15, na hakuna mtoto atakayedumu humo. Visiwa vya Kanari, ambavyo ni vya Hispania lakini viko ng'ambo ya pwani ya Moroko, maji yake ni nyuzi 19 hivi. Bahari ya Shamu upande wa Hurghada ni kama 22. Maskati inazidi hapo kidogo. Zanzibar ni 28, au hata zaidi. Mwenye mtoto mwenye selimundu azingatie jambo hili kuliko wote, kwa kuwa kuzama ghafla kwenye maji baridi kunaweza kumwamshia maumivu makali ya mifupa, na likizo ikaishia wodini.

Baada ya maji, ulizia upepo. Hurghada mchana hufika nyuzi 22 na anga ni jeupe karibu kila siku, ila upepo wa kaskazini hauchoki. Mtoto akitoka majini akiwa amelowa, upepo ule humtetemesha kana kwamba hayuko jangwani. Usiku hushuka hadi 12 au chini yake, na hoteli za huko zimejengwa kwa ajili ya kukimbia joto: sakafu ya vigae, madirisha makubwa, na mashine ya hewa ambayo si kila mara inapasha. Pendelea hoteli ambayo majengo yake yameukinga ufukwe dhidi ya kaskazini.

Visiwa vya Kanari vina siri yake, na ndiyo inayowaponza wengi wanaokata tiketi kwa kuangalia bei tu. Chukua Tenerife. Katikati yake umesimama mlima Teide, wenye mita 3,715, na pepo zinazovuma kutoka kaskazini-mashariki huja na unyevu wa baharini na kuugonga. Unyevu huo hupanda, hupoa, hugeuka mawingu, na mawingu hukaa upande wa kaskazini. Anayeijua Kilimanjaro ataelewa mara moja: upande mmja migomba na mvua, upande mwingine nyika kavu ya Amboseli. Puerto de la Cruz, mji mzuri wa kaskazini mwa Tenerife, una bustani za kijani kwa sababu hiyo hiyo inayoufanya uwe na siku za mawingu na manyunyu wakati wa baridi. Mwendo wa saa moja hivi kwa gari kuelekea kusini, Los Cristianos na Costa Adeje, ardhi ni kame na jua linawaka. Gran Canaria ni vivyo hivyo: Las Palmas iko upande wa mawingu, Maspalomas upande wa jua. Bei nafuu kupita kiasi mwezi wa Februari aghalabu ni ya upande wa kaskazini. Lanzarote na Fuerteventura, kwa kuwa hazina mlima mrefu wa kukamata mawingu, zina jua pande zote lakini upepo wake ni wa kupeperusha miavuli.

Mara chache upepo hugeuka na kutoka Sahara ukiwa umebeba vumbi. Wenyeji huuita kalima. Siku hizo joto hupanda, anga huwa la rangi ya udongo, na mwenye pumu hana budi kubaki ndani na dawa yake ya kuvuta mkononi.

Kwa kuwa bahari ya Kanari ni ya baridi, bwawa ndilo litakalookoa wiki. Hapo usikubali jibu la "tuna bwawa lenye maji ya moto". Iandikie hoteli uulize mambo mawili: bwawa la watoto linapashwa moto mwezi wa Februari, na kwa nyuzi ngapi? Jibu la 26 hadi 28 ni zuri. Wakikujibu kwamba bwawa "hupata joto la jua", elewa kwamba halipashwi. Hoteli nyingine hupasha bwawa kubwa tu na kuliacha la watoto, na wageni huligundua hilo siku ya kwanza wakiwa wameshavaa nguo za kuogelea.

Mpaka hapa ni habari za hali ya hewa. Kwa wengi wetu, hata hivyo, safari huamuliwa na karatasi. Chukulia familia hii ya Gothenburg. Baba ni Mtanzania, ana pasipoti ya Tanzania na kibali cha makazi cha Uswidi. Mama alitoka Uvira kama mkimbizi, anasafiri kwa hati ya wakimbizi aliyopewa na Uswidi. Watoto watatu wana pasipoti za Uswidi. Bibi mzaa baba amekuja kutoka Tanga kwa viza ya Schengen ya kuingia mara moja. Watoto wakitaka Misri, wataingia bila taabu. Baba itambidi aulizie viza mapema ubalozini, na mama vivyo hivyo, huku hati yake ikileta maswali zaidi. Bibi ndiye mwenye tatizo kubwa: akishatoka Schengen kwenda Misri, viza yake imekwisha kazi. Hataweza kurudi Gothenburg kufuata sanduku lake.

Visiwa vya Kanari viko ndani ya Schengen. Baba na mama watasafiri kwa vibali vyao vya makazi, na bibi yumo ndani ya viza yake mradi siku alizopewa hazijaisha. Siku zihesabiwe kabla ya kulipia tiketi, kwa sababu siku za kukaa na muda wa viza kutumika ni vitu viwili tofauti, na vyote vimeandikwa kwenye ile stika. Kila mtu abebe pasipoti au hati yake halisi pamoja na kadi ya makazi. Kivuli cha karatasi hakitoshi, na picha kwenye simu haisaidii. Faida nyingine ni matibabu: kadi ya bima ya afya ya Ulaya waliyonayo wakaazi wa Uswidi inakubalika katika hospitali za umma za Hispania, na bima aliyokatiwa bibi alipoomba viza inahusu nchi zote za Schengen. Misri na Zanzibar kadi ile haifanyi kazi.

Kalenda nayo ina mambo yake. Likizo ya baridi Uswidi haiwi wiki moja kwa wote: Gothenburg hupumzika wiki ya 7 ya mwaka, Stockholm wiki ya 9, na bei za ndege hufuata humo humo. Ukikaa karibu na mji mwingine wenye uwanja wa ndege, linganisha bei ya kuondokea huko. Wenzetu wa Uingereza wanaovizia bei ya chini kwa kumtoa mtoto shuleni wakumbuke kwamba katika England faini sasa ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, nayo huongezeka maradufu ikicheleweshwa kulipwa. Familia za Kiislamu zina hesabu moja zaidi: mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na chakula chote cha mchana kilicholipiwa hotelini kitabaki bila mlaji.

Nyumbani je? Februari ni kaskazi, na Zanzibar iko katika joto lake kamili. Kwa anayetaka jua la kweli hakuna mshindani hapa. Tatizo ni kwamba wiki moja haitoshi. Safari yenye kubadilisha ndege hula siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, tiketi za watu sita ni mzigo, na hakuna anayefika nyumbani kama mtalii mtupu: kuna shangazi wa kuonwa, kuna ada ya mtu, kuna msiba uliopita wa kuhani. Anayeweza kupata wiki tatu ndiye aende. Akifika na watoto wasiojua bahari yetu, atazame maji kupwa na kujaa. Paje na Jambiani, siku za bamvua, bahari hurudi mbali mno na watoto hubaki na matope na mwani, wakati Nungwi na Kendwa huogeleka karibu saa zote.

Kisha kuna malaria, na hapa wazazi wengi hujiamini pasipo sababu. Mtoto aliyezaliwa Ulaya hana kinga yoyote, na mzazi aliyekaa huko miaka naye kinga yake imepungua, hata kama alikulia Uvira. Visiwani malaria ni kidogo, bara ni zaidi, na safari za kwetu huchanganya vyote viwili. Zungumza na daktari mapema kuhusu dawa za kinga. Ile ya atovakwoni na proguanili, kwa mfano, huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, humezwa kila siku, kisha huendelea siku 7 baada ya kurudi. Watu huiachia kwenye siku hizo 7, kwa kuona safari imekwisha. Mtoto akipata homa ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na utamke mlangoni kwamba mmetoka Afrika Mashariki. Februari kila mtoto wa Uswidi ana mafua, na daktari asiyeambiwa hatapima damu.

Kwa familia yetu ya Gothenburg, basi, viza ya bibi na hati ya mama zimeshaamua: kusini mwa Tenerife, hoteli iliyojibu kwa maandishi kwamba bwawa la watoto lina nyuzi 27, na vyumba viwili vyenye jiko dogo ili bibi apate wali wake badala ya viazi vya kila jioni. Zanzibar inasubiri Julai, shule zikifungwa kwa muda mrefu, wakati kusi linavuma na hakuna jasho la kutisha. Makoti ya watoto yasiwekwe kwenye mizigo ya chini ya ndege. Ndege za Kanari mara nyingi hutua Gothenburg usiku, na sanduku likichelewa, watoto watatu wenye kandambili watavuka maegesho ya magari juu ya theluji.