Steki Yaweza Kubaki Nyekundu Ndani, Baga Haiwezi

Januari 1993, madaktari wa watoto mjini Seattle, katika jimbo la Washington nchini Marekani, walianza kupokea watoto wanaoharisha damu. Baadhi yao figo ziligoma kufanya kazi. Wazazi walipoulizwa watoto walikula nini, jibu lililojirudia ni baga za migahawa ya Jack in the Box. Hadi mlipuko ule unamalizika, watu zaidi ya 700 walikuwa wameugua katika majimbo manne, na watoto wanne walikuwa wamefariki. Nyama ya kusaga iliyotumika ilikuwa na bakteria aitwaye E. koli O157:H7, na baga zilitolewa jikoni kabla katikati hapajaiva sawasawa.

Wakati huohuo hoteli nyingi za Marekani zilikuwa zikiuza steki zenye rangi nyekundu katikati, kama zinavyouza hadi leo, na mlipuko ule haukutokana nazo. Ng'ombe ni yuleyule, na bakteria wanaomfuata ni walewale. Kwa nini basi nyama moja iliwe nusu mbichi bila madhara, na nyingine iue mtoto?

Jibu linaanzia machinjioni. Bakteria huyu anaishi ndani ya utumbo wa ng'ombe bila kumdhuru. Hutoka na kinyesi, kikagandamana na manyoya ya miguu na tumbo. Mnyama anapochunwa, kisu kilichopita juu ya ngozi hugusa nyama, au mkono ulioshika ngozi hushika nyama, au utumbo hutoboka kwa bahati mbaya. Kwa njia hizo bakteria huhamia kwenye nyama, lakini hutua nje tu. Ndani ya msuli wa mnyama mwenye afya hapakuwa na bakteria hao alipokuwa hai, na baada ya kuchinjwa hawana njia rahisi ya kupenya, kwa sababu nyuzi za msuli zimeshonana. Pande la sarara likikaa siku kadhaa kwenye friji, uchafu uliolipata bado uko juu yake.

Sasa chukua steki yenye unene wa sentimita tatu, uiweke kwenye kikaango kilichopata moto hasa. Tabaka la nje huchemka maji yake, hukauka, kisha hugeuka kahawia. Hapo joto limeshapita nyuzi 100, na bakteria huyu hufa ndani ya sekunde chache tu nyama inapofika nyuzi 71. Katikati ya steki panaweza kuwa na nyuzi 50 au 52, joto lisilotosha kumuua, ila hapo hayupo. Ndiyo maana mpishi anayejua kazi yake huinyanyua steki kwa koleo na kuisimamisha ili kingo nazo ziungue. Kingo pia ni sehemu ya nje, na zikiachwa mbichi kazi yote ya juu na chini haina maana.

Mashine ya kusagia inavuruga mpangilio huo wote. Fikiria pande la nyama la mraba, kila upande sentimita 10, uzito wake kama kilo moja. Sehemu yake ya nje ni sentimita za mraba 600, na moto unaifikia yote. Likate vipande vya nusu sentimita kila upande: utapata vipande 8,000, na sehemu yao ya nje kwa jumla ni sentimita za mraba 12,000, yaani mara 20 ya mwanzo. Mashine nayo husaga na kuchanganya kwa mkupuo mmoja. Kilichokuwa juu ya pande huingia katikati ya mchanganyiko, na ukiufinyanga kuwa baga, kile kilichokuwa nje sasa kiko mahali ambapo joto hufika mwisho. Kuunguza uso wa baga kunaua waliobaki usoni, na wale wa katikati wanasalimika.

Kuna jambo la pili linaloongeza hatari. Steki moja hutoka kwa ng'ombe mmoja. Nyama ya kusaga ya kiwandani hutengenezwa kwa vipande vilivyobaki kutoka kwa ng'ombe wengi, hivyo uchafu wa mnyama mmoja unaweza kusambaa katika baga nyingi sana. Na bakteria huyu hahitaji jeshi kubwa: wasiozidi 100 wanaweza kutosha kumwangusha mtu. Sumu anayotoa hushambulia mishipa midogo ya damu, hasa ya figo, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi. Mwaka 1994, baada ya msiba wa Seattle, serikali ya Marekani ilipiga marufuku kuuza nyama mbichi ya kusaga yenye bakteria huyu.

Kanuni ya steki ina mipaka yake, na ni lazima niiseme waziwazi. Inahusu pande zima ambalo halijatobolewa. Viwanda vingine hulainisha nyama ngumu kwa kuichoma kwa visu vidogo au sindano, na kila sindano hushuka na kilichokuwa juu. Kwa macho steki hiyo haitofautiani na nyingine, na ndiyo maana tangu Mei 2016 Marekani inataka ifungashwe na maandishi yanayoeleza kwamba imetobolewa. Ukiitoboa kwa uma nyumbani ili viungo viingie, umefanya kazi ileile. Nayo ipikwe hadi ndani.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mpaka mwingine. Minyoo tegu ya ng'ombe hujificha katikati ya msuli wenyewe, kama vifuko vidogo vyeupe, na moto wa juujuu hauvifikii. Mkaguzi wa nyama hukata misuli ya taya na moyo akivitafuta. Kwa nyama ambayo haikupita kwa mkaguzi, hoja ya bakteria wa nje haikulindi, na mimi singeila ikiwa nyekundu ndani. Wala usiihamishie kanuni hii kwa kuku.

Basi mtu atajuaje kwamba baga imeiva? Wengi huivunja na kutazama rangi, na rangi hudanganya. Wataalamu wa Marekani wamekuta kwamba baga moja kati ya nne hugeuka kahawia ndani kabla ya kufikia joto salama. Hutokea hasa nyama iliyokaa muda baada ya kusagwa, kwa sababu ile protini inayoipa nyama wekundu imeshaanza kubadilika kabla hata haijaona moto. Kinachoaminika ni kipimajoto: kiingize kwa ubavuni hadi katikati ya baga, kisome nyuzi 71. Kama huna, fanya baga zako nyembamba na uziache motoni muda zaidi baada ya wekundu kuisha.

Usagaji wa buchani nao usikutie moyo kupita kiasi. Kuchagua pande lako na kulisimamia likisagwa kunakuhakikishia ubichi wake, lakini nje ya pande hilo nako kuliguswa na mikono na visu, na mashine ilisaga nyama ya mteja aliyekutangulia. Kababu, sambusa na baga za mtoto zipikwe hadi katikati, hata kama nyama ni ya bucha unaloliamini.