Bango linamnyooshea nani kidole?

Bango la chumba cha kungojea linasomwa mbele ya watu. Mama aliyeketi chini yake anajua kwamba jirani anaona macho yake yamesimama wapi. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bango liseme nini, nauliza sentensi yake inamnyooshea nani kidole.

Nichukue mstari niliousoma katika kituo kimoja cha afya hapa Lubumbashi: «Wagonjwa wa Sida, msiache dawa!» Kisarufi hauna kosa. Lakini mwito huo unakigawa chumba: anayeinua kichwa amejitaja. Tena jina la ngeli ya m-/wa- linamfunga mtu na hali yake, kama «mlevi» au «mwizi». Hata maana si sahihi. Sida ni hatua ambapo kinga ya mwili imeshuka sana; mwenye virusi anayekunywa dawa vizuri anaweza asiifikie kamwe. «Mwathirika» nalo linamwonyesha kama mtu aliyepatwa tu, asiye na la kufanya. «Anayeishi na virusi» ni afadhali, maana linataja alicho nacho na kumwacha awe mtu.

Ukutani, hata hivyo, tunaweza kuacha kumtaja kabisa: «Dawa za virusi vya Sida hunywewa kila siku, hata mwili ukijisikia vizuri.» Kauli ya kutendwa imemficha mtendaji. Aliyepimwa na ambaye bado wanausoma mstari uleule bila kujifichua.

Neno gumu zaidi ni «havionekani». Tukiandika «ukinywa dawa vizuri, virusi havionekani», mmoja atashangaa, kwani virusi havijaonekana kwa macho hata siku moja. Mwingine atasikia «havipo», aamini amepona, aache dawa. Kwa kawaida virusi hurudi kujaa katika damu baada ya wiki chache. Basi tuseme ni nani asiyeviona: kipimo cha damu. Na tuseme kwamba bado vimo mwilini.

Napendekeza hivi:

«Kila anayekuja hapa anaweza kuomba kupimwa damu. Jibu ni siri yako.
Dawa za virusi vya Sida hunywewa kila siku, hata mwili ukijisikia vizuri.
Kipimo kisipoviona tena virusi katika damu, haviambukizwi kwa ngono. Bado vimo mwilini: dawa zinaendelea.»

«Anaweza» limechaguliwa badala ya «lazima», kwa sababu kupimwa kunataka ridhaa. «Kwa ngono» lisifutwe ili kufupisha: ahadi hiyo haihusu sindano, na mama anayenyonyesha anahitaji maelezo ya muuguzi.

Kabla ya kuchapa, msomee mtu mstari wa mwisho, kisha umwombe aueleze kwa Kiswahili chake cha nyumbani. Akisema «basi amepona», mstari umeshindwa, hata kama sarufi yake ni safi.