Ulituma pesa Dar Alhamisi, mbona ikafika Jumatano?

Swali hili tunaulizwa sana, na mara nyingi mtu huwa ameshakasirika anapotupigia. Ujumbe wetu ulisema "siku 2 za kazi". Amehesabu kwa vidole, siku zimepita, pesa haijaingia. Hebu tulitazame kwa mfano mmoja.

Chukua mama mwenye duka la vitenge hapa Tena. Anaagiza mzigo Kariakoo, Dar es Salaam, na muuzaji wake haachilii gunia kabla hela haijaonekana kwenye akaunti yake ya benki. Ana maombi ya sare za harusi, na fundi anangoja kitambaa. Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, mchana, anatuma pesa kutoka kwa simu yake kwenda akaunti ile ya benki.

Alhamisi yenyewe haihesabiwi, ndiyo siku ya kutuma. Ijumaa tarehe 10 ilikuwa Siku ya Mazingira, benki za Kenya zimefungwa. Jumamosi na Jumapili hazimo. (Tawi la mtaani likifunguliwa Jumamosi asubuhi lisikudanganye. Unaweza kuweka pesa pale, lakini Jumamosi haihesabiwi kuwa siku ya kazi kwa malipo ya kuvuka mpaka.) Jumatatu tarehe 13 pande zote mbili zilikuwa kazini, kwa hivyo hiyo ni siku ya kwanza. Mama anasema basi Jumanne ndiyo ya pili. Kwa kalenda ya Kenya yuko sawa kabisa. Ila tarehe 14 Oktoba Tanzania humkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyefariki siku hiyo mwaka 1999, na benki zao hazifungui. Siku ya pili ikawa Jumatano tarehe 15.

Ujanja wote uko hapo. Kampuni zinazotuma pesa kuvuka mpaka huhesabu siku ambazo pande zote mbili zimefungua kwa pamoja. Upande mmoja ukifunga, siku hiyo inarukwa, hata kama kwako wewe maduka yamejaa watu na matatu za Outering zinapiga honi kama kawaida.

Na kama muuzaji angetaka dola? Malipo ya dola kwa kawaida hupitia benki za Marekani, kwa hivyo kalenda ya tatu inaingia. Jumatatu ile ile ya tarehe 13 ilikuwa sikukuu ya Columbus kule, na benki kuu yao ilifunga. Sasa Jumatatu imeanguka, Jumanne imeanguka, hesabu inaanza Jumatano na pesa inafika Alhamisi tarehe 16. Wiki nzima imeisha kwa "siku mbili". Angetuma Jumanne tarehe 7, kwa shilingi au kwa dola, angemaliza Alhamisi tarehe 9 kabla sikukuu hizi hazijaanza.

Kenya na Tanzania angalau zina saa moja, kwa hivyo siku inabadilika kwetu na kwao kwa pamoja. Kwa walio mbali kuna mtego mwingine. Sikukuu huanza saa sita usiku ya nchi inayoisherehekea, si ya anayetuma. Tuseme kijana wako yuko Minnesota, na Alhamisi tarehe 11 Desemba 2025, saa kumi jioni akitoka kazini, akakutumia pesa kwenye akaunti yako ya benki. Kwake sikukuu haipo, na bado ni Alhamisi. Nairobi ni saa saba usiku, tayari Ijumaa, na Jamhuri Dei ina saa nzima tangu ianze. Siku ya kazi ya benki yako haikuja hadi Jumatatu tarehe 15.

Wazee wa Pwani, ambao kwao siku mpya huanza jua likizama, wangesema sikukuu ilishaingia tangu magharibi. Benki haziendi hivyo. Zinafuata saa sita usiku tu.

Pesa ya simu kwa simu haina shida hii, hata ukituma Tanzania usiku wa sikukuu. Lakini ina kikomo cha kiasi, na muuzaji anayetaka kuiona benki hatakubali ujumbe wa simu.

Idd ndiyo ngumu zaidi kupanga. Mwezi ukiandama huku na usionekane kule, nchi mbili zinaweza kupishana kwa siku moja, na tangazo hutoka jioni ile ile. Mifumo yetu hurekebishwa usiku huo huo, kwa hivyo tarehe ya kufika uliyoiona ulipotuma inaweza kusogea asubuhi. Ukiwa na mzigo unaongoja wiki ya Idd, tuma mapema, ukiacha siku moja ya ziada kila upande.