Kuvu bafuni: Rangi mpya pekee si dawa

Je, umeipaka dari ya bafu lako rangi mpya, na baada ya miezi michache ikaanza kubambuka na madoa meusi yakarejea? Usiharakishe kumlaumu fundi. Mvuke wa maji ya moto ukikosa njia hugusa dari baridi na kugeuka matone. Unyevu huo huilegeza rangi, nayo kuvu ikapata makao. Chembechembe zake huweza kumbana kifua mgonjwa wa pumu.

Kwanza hakikisha kwamba si bomba linalovuja. Unyevu wa mvuke hutapakaa darini, lakini wa bomba hukaa mahali pamoja na haukauki hata bafu lisipotumiwa.

Ikiwa dirisha lako hufungukia mahali pasipo upepo, yafaa uweke feni ya kutoa hewa. Chukua mfano wa bafu lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 2.5. Ukizidisha utapata mita 7.5 za ujazo. Hewa hiyo ikibadilishwa mara 10 kwa saa, utahitaji feni inayotoa mita 75 za ujazo kwa saa. Mwambie fundi wa umeme aelekeze bomba lake nje ya nyumba, wala si juu ya dari, kwani huko mvuke utaozesha mbao.

Iwashe unapooga, na uiache kwa dakika 20 baadaye. Kuijaribu, funga mlango na uweke kipande cha karatasi ya choo kwenye feni. Kikianguka, fungua mlango kidogo. Kikishika sasa, hewa ilikosa pa kuingilia, basi acha nafasi ya sentimita moja chini ya mlango. Kikianguka tena, zima umeme usafishe vumbi la feni.

Sasa ndipo ushughulikie kuta. Vaa glavu, osha kuvu kwa sabuni na maji, kausha, kwangua rangi iliyolegea, kisha upake rangi ya bafuni. Ukitumia jiki, kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, kwa maana hutoa gesi yenye sumu.

Silikoni iliyo kando ya sinki au beseni la kuogea ikiwa nyeusi hadi ndani haitakati. Ikate yote kwa wembe, kausha kabisa, weka mpya na usiiloweshe kwa saa 24.

Grauti, yaani saruji iliyo kati ya vigae, isugue kwa brashi na sabuni isiyo na asidi, kwani asidi huila. Ikimomonyoka, ikwangue na ujaze mpya kabla maji hayajapenya nyuma ya vigae.