Njaa ya Saa 8 Usiku

Mlinzi anayeingia lindoni saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi anaijua njaa ya saa 8 usiku. Alikula ugali na maharage kabla ya kutoka nyumbani na muda mwingi amekaa, lakini anatamani chipsi, maandazi na soda. Miezi ikipita, suruali zinambana kiunoni. Watu humwita mlafi, kumbe chanzo kikubwa ni usingizi na saa za kula.

Tuanze na usingizi. Homoni ya grelini hutoka tumboni na kuamsha njaa. Leptini hutoka kwenye mafuta ya mwili na kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa vijana 12 wa kiume saa 4 tu za kulala kwa siku mbili mfululizo, kisha safari nyingine wakawapa saa 10. Walipolala kidogo, leptini ilishuka kwa asilimia 18 na grelini ikapanda kwa asilimia 28. Hamu yao ilielekea zaidi kwenye vitamu na vyakula vya wanga. Mlinzi anayejaribu kulala mchana katika chumba cha bati, joto limepamba moto na watoto wanacheza nje, mara nyingi hali yake ni hiyo hiyo.

La pili ni saa ya kula. Usiku mwili hutoa melatonini, homoni ya giza, ambayo hupunguza kasi ya kongosho kutoa insulini. Sahani ile ile iliyoliwa mchana, ikiliwa usiku wa manane, huacha sukari nyingi zaidi kwenye damu. Mwaka 2021, watafiti wa Boston, Marekani, waliwakesha watu 19 wenye afya kwa mfano wa zamu ya usiku. Waliokula usiku walipandisha sukari kwa asilimia 6.4, kwa waliokula mchana tu haikupanda kwa kiwango cha kuhesabika. Utafiti huo ulipima sukari, haukupima uzito, na ulichukua wiki mbili tu.

Basi mlinzi wetu ale mlo wake mkubwa saa 11 jioni. Kuanzia saa 6 usiku anywe maji au chai isiyo na sukari. Njaa ikimzidi, yai la kuchemsha linatosha. Chai aiache saa 8 usiku ili isimwibie usingizi wa asubuhi. Akirudi, ale kidogo, afunike dirisha kwa kitambaa kizito, alale, na akiamka ale mlo kamili. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asiruke mlo kabla ya kuzungumza na daktari.

Kwa wale ambao zamu zao hubadilika kila wiki, ratiba ya kulala itayumba tu. Ya kula wanaweza kuishikilia: milo mikubwa ibaki mchana, wawe kazini au mapumzikoni.